Mwaka Mmoja wa Tasnifu: Kalenda Yenye Nafasi ya Kusubiri



Dada zangu wasomaji, kwa miezi kadhaa sasa wengi wenu mmekuwa mkiniuliza, msikitini baada ya darsa na hata kwenye shughuli za harusi, ni vipi mke mwenye nyumba, watoto na kazi ya kufundisha anaweza kumaliza tasnifu ya uzamili katika mwaka mmoja. Wanaouliza aghalabu hutaraji kusikia habari za kukesha. Jawabu langu ni jingine. Katika wiki 52 za mwaka ule, wiki 17 kazi yangu ilikuwa mikononi mwa watu wengine: msimamizi, kamati ya maadili ya utafiti na afisi za vibali. Kukesha kwangu kusingeharakisha hata siku moja kati ya hizo. Lililonifikisha ni kuzipa wiki hizo mahali pake katika kalenda tangu siku ya kwanza, na kujua ni ucheleweshaji upi unaoweza kuvumiliwa na upi usioweza.

Naandika haya kwa kuwa chuo kingenitoza karo ya mwaka mwingine lau ningevuka mwisho wa Agosti 2025. Fedha hizo hazikuwa na pengine pa kutoka ila kwenye akiba ya binti yetu, aliyekuwa Gredi ya Tisa na aliyetazamiwa kuingia Gredi ya Kumi mwezi wa Januari 2026. Kwa hivyo tarehe ya kuwasilisha haikuwa pambo la ukutani. Ilikuwa ni mpaka baina ya masomo ya mama na masomo ya mwana.

Utafiti wangu ulihusu namna wanawake wa Mji wa Kale, Mombasa, wanavyochagua leso kwa sababu ya maandishi yake: nani humpa nani, katika tukio gani, na nini hukusudiwa kusemwa pasipo kutamkwa. Nilihitaji kuwahoji wanawake 20. Nilianza Jumatatu, tarehe 2 Septemba 2024, na siku ya mwisho ya kuwasilisha ilikuwa Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025.

Jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kutwaa kalenda kubwa ya ukutani, ile yenye tarehe za Kizungu na za Kiislamu pamoja, na kuanza kuisoma kutoka mwisho kuja mwanzo. Anayepanga kutoka mwanzo kwenda mbele huipa kila kazi muda anaoupenda, kisha zikibaki wiki tatu hujaribu kuzisongamanisha ndani yake zile kazi za mwisho ambazo huzikumbuka akiwa amechoka. Anayepanga kutoka mwisho hulazimika kujiuliza kila mara: ili jambo hili liwe tayari siku hii, ni lipi linalopasa kuwa limekwisha kabla yake?

Kabla sijaweka hatua yoyote ya kazi, niliziba siku ambazo nilijua kwa yakini kwamba sitaandika. Ramadhani ya mwaka ule ilitarajiwa kuingia mwanzoni mwa Machi 2025. Kumi la mwisho na wiki ya Idi nilizifunga kabisa, na wiki tatu za mwanzo nikazihesabia nusu ya nguvu zangu. Wiki ya Idi ya Mfunguo Tatu, mwanzoni mwa Juni, nikaifunga pia. Nikatia alama kwenye wiki za kusahihisha mitihani shuleni, mwishoni mwa Oktoba na mwishoni mwa Julai, na wiki moja ya harusi ya mpwa wangu mwezi wa Disemba. Hapo ndipo kalenda ilipoanza kusema kweli. Mwenye kudhani ana wiki 52 hujipangia kazi ya wiki 52, na mwenye kujua ana pungufu hujipangia pungufu.

Jambo la pili lilikuwa kumwendea msimamizi wangu na kumuuliza habari za mwaka wake yeye. Wanafunzi wengi humweleza msimamizi mpango wao. Ni wachache wanaouliza mpango wake. Nilimwambia, "Mwalimu, ningependa kujua nikikupa sura nzima, huchukua muda gani kuisoma, na ni miezi ipi ambayo haifai kukuletea kazi." Akacheka, akasema, "Nihesabie wiki tatu. Ukiniletea Disemba nitaisoma Januari, kwa hivyo usiniletee Disemba. Na usinipe kurasa tano tano, nipe sura iliyokamilika." Maneno hayo machache yalinipa vipimo ambavyo hakuna kitabu kingeweza kunipa. Kuanzia hapo kila nilipoandika "kupeleka sura" kwenye kalenda, niliziwekea alama wiki tatu zilizofuata kwa kalamu ya kijani. Kijani ilikuwa rangi ya kazi iliyo mikononi mwa mwingine.

Nusu ya kwanza ya mwaka niliigawa hivi. Wiki 6 za mwanzo zilikuwa za kuandika pendekezo la utafiti, yaani rasimu ya sura tatu za kwanza: utangulizi, mapitio ya maandishi ya watangulizi, na mbinu za utafiti. Wiki 3 zilizofuata zilikuwa za msimamizi kusoma, na wiki 2 za masahihisho. Tarehe 18 Novemba pendekezo likaingia kwenye kamati ya maadili ya utafiti, nikaipa kamati wiki 6. Baada yake ni wiki 2 za kupata kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Kibali hicho hakiombwi mpaka uwe na barua ya kamati ya maadili mkononi, na ukikipata yakupasa bado kujitambulisha kwa Kamishna wa Kaunti na kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti kabla ya kuanza kazi. Kisha wiki 2 zisizo na kazi yoyote, na mwisho wiki 5 za mahojiano, wanawake wanne kila wiki, zikiishia tarehe 2 Machi.

Mtu akiitazama safu hiyo atauliza: hizo wiki 2 zisizo na kazi ni za nini, na kwa nini zimewekwa pale? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, na naomba dada zangu mnivumilie nilieleze kwa utaratibu.

Kuchelewa hakuna bei moja. Lau mahojiano yangechelewa kwa wiki mbili mwezi wa Januari, ningepoteza wiki mbili tu. Lakini lau yangechelewa kwa wiki mbili mwishoni mwa Februari, yangeingia Ramadhani. Ni mama gani wa Mji wa Kale angenikalisha barazani dakika 45 saa za alasiri, naye ana sambusa za kukunja na futari ya kupika? Baada ya Ramadhani ni Idi, na baada ya Idi ni Mfunguo Mosi wenye harusi zake. Wiki mbili za kuchelewa zingezaa wiki saba za kungoja, na wiki saba kutoka mwezi wa Machi zingenipeleka nje ya Agosti. Ukingo ule wa Ramadhani ulikuwa kama ukingo wa maji kupwa: chombo kikiwahi, hupita, na kikichelewa kidogo hukaa mchangani hadi maji yajae tena.

Kwa sababu hiyo sikuzitawanya siku zangu za akiba. Wako wanaojiongezea siku mbili katika kila kazi, huku tatu na kule nne, wakidhani wamejiwekea ngao. Siku zilizofichwa ndani ya kazi huliwa na kazi yenyewe. Ukijipa siku kumi kuandika kurasa zinazotaka siku saba, utaziandika kwa siku kumi. Mimi niliipa kila kazi muda wake halisi, kisha siku za akiba nikaziweka mahali pawili tu, zikionekana wazi kwa rangi ya manjano: wiki 2 kabla ya ukingo wa Ramadhani, na wiki 2 kabla ya siku ya kuwasilisha. Wiki nne kati ya 52. Si nyingi, lakini zilikuwa pale ambapo kukosekana kwake kungeniangamiza.

Sasa nieleze yaliyotokea, maana kalenda isiyokutana na dunia ni karatasi tu. Katikati ya Disemba kamati ya maadili ilinirudishia pendekezo. Walitaka fomu ya ridhaa iandikwe upya kwa Kiswahili chepesi, ili mama asiyepita shule aelewe anakubali nini, na wakataka nieleze rekodi za sauti zitahifadhiwa wapi na nani atazisikiliza. Ni maswali ya haki. Nilijibu kwa siku tatu, lakini kupitiwa tena, kukichangamana na afisi kufungwa mwisho wa mwaka, kulikula siku zaidi. Kibali cha Tume kilichotarajiwa kufikia tarehe 12 Januari nilikipata tarehe 21. Siku 9 kati ya 14 za akiba zikawa zimekwenda, na sijamhoji hata mtu mmoja.

Palikuwa na kishawishi cha kuanza kuwahoji shangazi zangu na majirani huku nikingoja, kwani ni watu wangu na wangekubali kwa furaha. Haifai. Maneno yaliyokusanywa kabla ya idhini ya kamati hayawezi kutumiwa katika tasnifu, hata kama msemaji ni mama yako mzazi, na kuyatia kwa siri ni kuuweka utafiti mzima rehani. Kungoja kwangu nilikujaza kwa kazi isiyohitaji idhini: nilimalizia mapitio ya maandishi ya watangulizi, nikapanga orodha ya marejeo, na nikachora mtaa kwa mtaa nitaanzia wapi na nitaishia wapi.

Hapo nilifanya jambo ambalo nawausia wote walio njiani. Nilimwendea msimamizi kabla ya tatizo kuwa tatizo. Kila Ijumaa baada ya sala nilikuwa nikilinganisha vitu viwili: sehemu ya kazi iliyokwisha na sehemu ya akiba iliyoliwa. Kazi ikiwa mbele ya akiba, moyo hutulia. Akiba ikitangulia kazi, hiyo ni dalili, na dalili hii huja wiki nyingi kabla ya kuchelewa kwenyewe kuonekana. Siku 9 kati ya 14 kuliwa bila mahojiano hata moja ilikuwa dalili iliyo wazi. Nikamuuliza, "Mwalimu, ikifika katikati ya Februari sijafika nusu ya mahojiano, ni lipi tunaloweza kulipunguza bila kuuharibu utafiti?" Tukakubaliana kwa maandishi kwamba mahojiano 16 yangetosha, mradi mitaa yote minne niliyoichagua iwakilishwe na wawemo wazee na vijana. Uamuzi wa kupunguza hufanywa vyema mtu akiwa ametulia. Akiufanya akiwa amebanwa, hukata kile kilicho karibu badala ya kile kisicho na lazima.

Alhamdulillahi, hatukulazimika. Nilianza Jumatano, tarehe 22 Januari. Katikati ya Februari pakawa na msiba mtaani, na kwa siku mbili hakuna aliyekuwa na nafasi, nami pia nilikuwa matangani. Siku mbili hizo zikatoka kwenye akiba. Mwanamke wa ishirini nilimhoji Alhamisi, tarehe 27 Februari, na Ramadhani ikaingia siku chache baadaye. Katika siku 14 za akiba zilibaki 3.

Nusu ya pili ya mwaka ilianza na kazi ambayo wengi huisahau wanapopanga: kuandika yaliyosemwa. Mahojiano 20 ya dakika 45 ni saa 15 za sauti. Saa moja ya mazungumzo huchukua saa nne hadi sita kuyaandika neno kwa neno, na pale wanawake wawili wanapozungumza kwa pamoja, au sauti ya pikipiki inapopita dirishani, huzidi hapo. Nilikadiria saa 5 kwa kila saa, jumla saa 75. Mtu akisema "nitaandika mahojiano kwa wiki mbili" naye ana saa kumi za kazi kwa wiki, hesabu imekwisha kumkana kabla hajaanza.

Saa hizo 75 nilizigawa kulingana na hali ya mwaka. Nilianza mapema, wakati mahojiano yenyewe yakiendelea, saa 4 kila wiki kwa wiki tano: saa 20. Faida yake haikuwa muda tu. Nilipoyasikiliza mahojiano ya mwanzo niligundua swali langu moja halikuwa likieleweka, nikaliuliza kwa njia nyingine katika yaliyofuata. Katika wiki tatu za mwanzo za Ramadhani nilikaa baada ya sala ya alfajiri, nyumba ikiwa kimya, saa 5 kwa wiki: saa 15. Kumi la mwisho na Idi sikugusa kitu. Zikabaki saa 40, nazo nikazimaliza katika likizo ya Aprili kwa saa 15 kila wiki. Angalieni kwamba kazi niliyoiweka Ramadhani ni ya kusikiliza na kuandika, isiyotaka fikra nzito. Uchambuzi, unaotaka akili kukunjuka, niliuweka baada yake, kuanzia tarehe 28 Aprili, kwa wiki 5.

Sura ya nne, yenye matokeo, nilimpelekea msimamizi Ijumaa, tarehe 30 Mei. Tarehe hiyo haikuja kwa bahati. Wiki iliyofuata ilikuwa ya Idi, nami nilitaka wiki yangu iliyofungwa ikutane na wiki yake ya kusoma. Vivyo hivyo rasimu nzima niliipeleka tarehe 11 Julai, ili wiki ya kusahihisha mitihani shuleni iangukie ndani ya zile wiki tatu za kijani. Tarehe za kupeleka zikipangwa hivi, siku ambazo wewe huwezi kufanya kazi hazikugharimu, kwa kuwa hata hivyo ungekuwa unangoja. Ukizipanga vibaya utalipa mara mbili: utangoja wakati una nguvu, na kazi itarudi wakati huna.

Wengine huuliza nilifanya nini katika wiki za kijani. Zina kazi zake. Pendekezo la utafiti huandikwa kwa wakati ujao: "mtafiti atawahoji". Tasnifu huandikwa kwa wakati uliopita: "mtafiti aliwahoji". Kuzipitia sura tatu za kwanza na kugeuza nyakati hizo, na pamoja nazo kurekebisha kila palipotofautiana na yaliyofanyika kweli, ni kazi ya siku kadhaa. Kuna kulinganisha kila jina lililotajwa ndani na orodha ya marejeo. Kuna viambatisho: fomu ya ridhaa, maswali, nakala ya kibali, picha za leso. Hizi zote hazingoji rai ya msimamizi. Lakini sura ya tano, ya hitimisho, sikuigusa mpaka sura ya nne irudi. Kuandika hitimisho juu ya matokeo ambayo huenda yakabadilishwa ni kujenga orofa juu ya ukuta usiokauka.

Na katika wiki hizo hizo nilikuwa mtu wa watu. Kalenda niliitundika jikoni, karibu na mtungi. Mume wangu, mama mkwe na watoto walizijua rangi. Nyekundu, mama anaandika, na shughuli za nje zipungue. Kijani, mama yupo. Mama mkwe, Mungu amhifadhi, alikuwa akiwajibu wageni kwa simu, "Mwanangu hana nafasi hadi tarehe ishirini na tatu, baada ya hapo njooni hata mlale." Hapo awali watu wa nyumbani walikuwa wakisikia tu kwamba "mama anasoma," jambo lisilo na mwanzo wala mwisho, na kila kukataa kwangu mwaliko kulionekana ni kiburi. Walipoona kwamba kukataa kuna tarehe ya kuisha, walinilinda wao wenyewe.

Neno moja kuhusu namna ya kupeleka kazi kwa msimamizi, kwani muda wa majibu hutegemea sana kilichopelekwa. Kila sura niliitanguliza kwa ukurasa mmoja wenye mambo matatu: nini kimebadilika tangu mara ya mwisho, ni wapi hasa nahitaji rai yake, na tarehe tuliyokubaliana ya kukutana. Tulipokutana niliandika kila alichoagiza, na siku ya pili yake nikampelekea muhtasari: "Mwalimu, haya ndiyo niliyoyaelewa, tafadhali nisahihishe." Muhtasari huo humwokoa mwanafunzi na lile jambo la kuchosha, la kurekebisha kitu mwezi wa Juni na kuambiwa mwezi wa Julai kirudishwe kilivyokuwa. Na wiki ya pili ya kusoma ikipita, nilituma ujumbe mfupi wa salamu ukitaja tarehe ya kukutana. Si kuhimiza, ni kukumbusha. Mwenye wanafunzi kumi husoma kwanza kazi ya yule ambaye tarehe yake anaiona.

Hata hivyo, rasimu nzima haikurudi tarehe 3 Agosti kama ilivyopangwa. Msimamizi alisafiri, ikarudi Jumatano, tarehe 13. Siku 10 kati ya 14 za akiba ya mwisho zikaliwa kwa mkupuo. Zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya siku kama hizo. Wiki moja ya masahihisho, kisha wiki moja ya mambo ambayo hayana elimu ndani yake lakini huchukua siku: kupima ufanano wa maandishi na kazi za wengine, kupanga pambizo na nambari za kurasa kama chuo kinavyotaka, saini za wasimamizi, uchapishaji. Taarifa ya kusudio la kuwasilisha, ambayo vyuo vingi huitaka mapema na kwangu ilikuwa miezi mitatu kabla, nilikuwa nimeipeleka mwishoni mwa Mei. Asiyeitia taarifa hiyo kwenye kalenda huweza kuwa na tasnifu iliyokamilika na asiwe na ruhusa ya kuiwasilisha. Tasnifu yangu iliingia afisini Alhamisi, tarehe 28 Agosti. Palikuwa pamebaki siku moja.

Yapasa niseme pia mipaka ya mpango huu. Mwaka nilioueleza unaishia kwenye kuwasilisha. Watahini kusoma, kutetea tasnifu mbele ya jopo na masahihisho baada yake ni safari nyingine, na muda wake hauko mikononi mwa mwanafunzi, kwa hivyo asiahidi mtu mahafali kabla ya hapo. Tena siku za akiba hutibu ucheleweshaji wa siku na wiki. Haziwezi kutibu mada inayobadilishwa katikati ya mwaka, wala msimamizi anayehama chuo. Yakitokea hayo, usiivute kalenda ya zamani kama nguo iliyobana. Keti uandike nyingine, tena kutoka mwisho.

Na anayetaka kuiiga kalenda hii asizinakili tarehe zangu. Miezi yetu hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka wa Kizungu, na Ramadhani ya 2026 ilitarajiwa kuingia takriban tarehe 18 au 19 Februari. Aliyeanza Septemba 2025, naye ana mahojiano ya kufanya na wanawake wa mitaani kwetu, ilimpasa awe ameyamaliza kabla ya katikati ya Februari, si mwisho wake. Siku hizo 11 zingetoka wapi? Si kwenye wiki za kamati wala za msimamizi, kwa kuwa hizo si zake. Zingetoka kwenye zile wiki 6 za mwanzo za pendekezo. Kwa hivyo ilimpasa aanze kuandika mwezi wa Agosti, au ajipunguzie idadi ya watu wa kuhojiwa tangu mapema, akiwa bado ana uhuru wa kuchagua.

Mwenyezi Mungu awafungulie wote walio katika njia ya elimu, awape wasimamizi wema na familia zenye subira, na atutakabalie sote. Amin.